Mlio Ambao Shemeji Hakuusikia

Kabla sijaanza niseme wazi: kazi ya redio shemeji yangu alitafutiwa na mimi. Dada yangu, mama yenu mdogo, atawaambieni mumewe alijitafutia mwenyewe, kwa akili zake. Akili zipi? Mimi ndiye niliyekuwa namwendesha mkurugenzi wa kwanza wa redio ile, na siku moja tukiwa tumekwama kwenye foleni nikamwambia, "Bosi, nina shemeji ana masikio kama ya paka." Kwa nini paka, sijui, ndiye aliyenijia kichwani. Mkurugenzi akacheka, akasema mlete. Nikamleta. Akakalishwa mbele ya kompyuta, akafundishwa kukata na kuunga sauti za watu, na kwenye kiti kile akakaa miaka kumi na saba.

Mimi darasa la saba sikulimaliza, lakini ya dunia nayajua, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, wapwa zangu, msije mkapelekewa habari hii na watu wanaotia chumvi kuliko mimi.

Pale redioni walimwita Sikio. Mtu mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, hasemi mpaka asemeshwe. Kila asubuhi alifuta hedifoni zake kwa leso, sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Waandishi wakirudi na sauti walizorekodi mitaani, zote zilipita kwake. Upepo, honi, mtu kukohoa, simu kuita mfukoni: yeye alizitoa. Mgeni aliyehojiwa kando ya barabara kuu alisikika kama yuko sebuleni kwako. Kazi hiyo haina sifa. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua umeifanya.

Na kabla ya redio? Kabla ya redio tulikuwa wote wawili kwenye karakana ya mabati, tunagonga masanduku ya safari. Miaka sita, nyundo juu ya bati, kutwa, watu kumi na wawili ndani ya banda moja. Pamba ya masikio hatukuijua. Tukirudi nyumbani masikio yanalia nziii mpaka usingizi utuchukue, na asubuhi tunarudi tena. Nilikuwa fundi bora kuliko yeye, lakini hayo tuyaache.

Sasa, mwaka huu redio ilipata mkuu wa vipindi mpya. Mwanamke wa miwani, haongei kwa sauti ya juu, na anapokuangalia unakumbuka kosa ulilolifanya ukiwa na miaka tisa. Akaja na mwandishi wake, kijana wa kiume mwenye suruali ya kubana na mdomo usio na breki. Tulimwita Kasuku. Kasuku ndiye aliyekwenda kwenye maghala ya mizigo akamhoji mama mmoja mchukuzi.

Mama yule alibeba magunia kwa kichwa miaka ishirini. Kisha wenye ghala wakanunua foklifti, ile mashine yenye meno mawili mbele, ikachukua kazi yake na ya wenzake wote. Kasuku alimsimamisha pale pale kando ya ukuta wa ghala, akamwekea kinasa sauti mdomoni. Mama akazungumza dakika nane. Nimezisikia mimi, na sijawahi kusikia mtu akizungumza vile. Halii, halalamiki, anataja tu: siku aliyoanza, siku aliyovunjika bega, siku aliyoambiwa asirudi. Lakini nyuma yake, muda wote anaozungumza, foklifti inarudi nyuma, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na kila ikirudi nyuma inapiga mlio: ti, ti, ti, ti. Nusu sekunde mlio, nusu sekunde kimya.

Kumrudia haikuwezekana. Wiki iliyofuata mama na wenzake walifukuzwa hata pale ukutani, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Kilichobaki ni dakika nane zile.

Ijumaa mkuu akampa shemeji ile sauti. Akamwambia, "Hii inatoka Alhamisi saa nane mchana, na stesheni kubwa itaichukua. Toa huo mlio. Mama asiguswe."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Mlio umetolewa kwenye sauti mara ngapi na mtu huyu? Akakaa, akafuta hedifoni zake, akasikiliza. Jioni akafunga kazi akaenda nyumbani.

Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi mkuu akabonyeza, na sauti ikatoka kwenye spika mbili kubwa za ukutani. Sekunde tatu tu, na chumba kizima kikakunja uso. Katibu akaziba masikio. Kasuku akaruka kwenye kiti, "Aaah! Mnaniua!" Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha mlangoni, kwa sababu dereva hukaa popote anapopata nafasi, nikakunja uso pia.

Shemeji alikuwa ametulia kama mtu anayepigwa na kaupepo.

Mkuu akasimamisha sauti. "Nilisema utoe mlio."

"Nimeutoa, mama."

"Umetoa nini?"

"Ule mlio. Ule wa juu, mwembamba, kama wa mdudu. Upo kwenye elfu saba na mia nane. Nimeuwekea kichujio nikaukata."

Mkuu akavua miwani. Hapo ndipo Kasuku alipoanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mdomo, halafu kwa mwili mzima. "Jamani! Amemkata mdudu! Foklifti inapiga kelele kama imekanyagwa mkia, mzee wetu amekwenda kumkata mdudu!"

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Sifichi.

Niwaeleze kilichokuwa kimetokea, maana nimekuja kukielewa baadaye, na kueleza mambo magumu ni kipaji changu. Mlio wa mashine kama ile una mwili na una kivuli. Mwili wa huu ulikuwa kwenye elfu tatu na mia tisa, yaani hewa inatikisika mara elfu tatu na mia tisa kwa sekunde moja. Kivuli chake ni mlio mwingine mdogo, dhaifu, ulio juu mara mbili, kwenye elfu saba na mia nane. Mwenye masikio mazima husikia mwili, wala kivuli hana habari nacho. Shemeji alisikia kivuli. Akakikata kwa ustadi, safi kabisa, akauacha mwili unapiga kelele mbele ya watu wote.

"Nakupa siku mbili," mkuu alisema. "Jumatano mchana naisikiliza tena. Kama huwezi, niambie leo nitafute anayeweza kukaa kwenye kiti hicho."

"Naweza, mama."

Kuanzia saa ile Kasuku alipata mchezo. Aliuchukua ule mlio kutoka sauti ile ile ya asubuhi akauweka kwenye simu yake. Shemeji akiwa anakunywa chai, Kasuku anasimama nyuma yake, simu karibu na kisogo, anabonyeza. Watu wa meza zote wanakunja sura na kuuma midomo wasicheke. Shemeji anaendelea na chai. Kasuku anasogeza simu mpaka inakaribia kugusa sikio. Shemeji anageuka, "Unataka nini?" "Nakusalimia tu, mzee." Mbavu hatuna! Mara nne siku ile. Mara ya tano alibandika simu chini ya meza ya shemeji ikaachwa inalia saa nzima, na mhasibu akahamisha faili zake chumba kingine huku anafuta machozi ya kicheko. Ilipofika jioni hata mfagizi alikuwa anajua.

Mnaniangalia vibaya. Wewe ungefanya nini? Ofisi nzima inacheka, dereva anune?

Jioni hiyo nilimpa lifti. Tulipokaribia kwao akaniambia, "Simamisha kidogo."

Nikasimamisha. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya goti. Ilikuwa na mchoro. Mstari unatoka kushoto umenyooka, unakwenda, unakwenda, halafu unadondoka shimoni, halafu unapanda tena.

"Nilipimwa mwaka jana," akasema. "Waliniweka kwenye kichumba, wakaniambia nikisikia kitu nibonyeze. Hili shimo lipo kwenye elfu nne. Hapo sisikii. Chini yake nasikia, juu yake nasikia kidogo kidogo. Hapo katikati hakuna kitu."

"Dada anajua?"

"Dada yako anajua kwamba akiniita kutoka jikoni siitiki. Anasema ni kiburi."

Ni kweli. Dada alikuwa na wimbo wake: "Ukiitwa husikii, ukisemwa unasikia." Watoto wameukariri.

"Yule mpimaji," shemeji akaendelea, "aliniuliza nilifanya kazi gani ujanani. Nikamwambia. Akasema hakushangaa. Watu wa nyundo na bati shimo lao liko hapo hapo. Nenda na wewe ukapime."

Nikacheka mpaka nikapiga usukani. "Mimi? Shemeji, mimi nasikia mbu akivua viatu!"

Hakucheka. Alikunja karatasi yake mara nne tena. "Basi nisaidie. Kazi naiweza kwa macho. Lakini kama mkuu ataniuliza swali mbele ya watu, nitahitaji masikio ya mtu. Wewe unakaa pale mlangoni. Ukisikia mlio upo, vua kofia. Ukiwa haupo, iache kichwani."

"Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo. Nikitoka kwenye kile kiti, nina miaka hamsini na tatu, hakuna redio itakayoniuliza jina."

Nikampiga bega. "Umepata masikio, shemeji. Tena bure."

Jumanne mkuu hakuwa na safari, gari limelala, basi nilikaa nyuma ya shemeji nikamtazama akifanya kazi. Nimewaona mafundi wengi maishani, nikiwamo mimi mwenyewe. Fundi kama yeye siku ile sijapata kumwona.

Kompyuta inaweza kuigeuza sauti kuwa picha. Kushoto kwenda kulia ni muda. Chini ni sauti nzito, juu ni sauti nyembamba. Palipo na kelele panang'aa. Sauti ya mama ilikuwa kama moshi wa rangi ya chungwa unaopanda na kushuka, na katikati ya moshi ule, kwenye elfu tatu na mia tisa, kulikuwa na vistari vyeupe vifupi vilivyolingana, kimoja, pengo, kimoja, pengo, kama mshono wa cherehani. Juu yake, kwenye elfu saba na mia nane, palikuwa peusi: pale alipokata kivuli wiki iliyopita.

"Ndio huo," akasema, akaugusa mshono kwa kidole. "Tangu Ijumaa ulikuwa hapa unanicheka."

Akachukua kichujio chembamba, wenyewe wanakiita nochi. Vichujio vingine ni kama panga, hiki ni kama wembe: unakiambia namba moja, kinakata hapo tu, huku na huku hakigusi. Akakiwekea elfu tatu na mia tisa. Mara ya kwanza alikipa upana mkubwa, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama amefunikwa blanketi," akasema, akarudisha. Akakipunguza upana kidogo kidogo mpaka wembe ukawa na unene wa mshono wenyewe. Wala hakuupitisha kwenye dakika nane zote. Aliuweka pale penye kistari tu, kistari kimoja kimoja, ili kwenye mapengo sauti ya mama ibaki na s zake na sh zake zote. Vistari vilikuwa mia mbili na sabini na tatu. Nilihesabu naye mpaka arobaini nikaenda kutafuta soda.

Niliporudi vistari vyeupe vilikuwa vimekuwa vyeusi. Nikampongeza. "Bado," akasema. "Angalia." Akaikuza picha. Mwanzo wa kila kistari na mwisho wake palikuwa na alama ndogo iliyosimama wima, kama unywele. "Mlio ukianza ghafla unarusha cheche juu na chini, nje ya wembe. Kichujio hakizifikii. Mtu atasikia tk, tk, tk. Ni kama umemtoa mtu chumbani, naye akabaki nje anagonga mlango."

Hapo ndipo alipoingia kwenye mikunjo. Juu ya sauti kuna mstari mmoja unaosema sauti iwe kubwa kiasi gani. Ukiweka nukta kwenye mstari na kuivuta chini, sauti inashuka hapo, halafu unaipandisha tena taratibu, mkunjo laini, bila kona. Pale mama alipokuwa anazungumza, shemeji aliuvuta chini kidogo sana, kiasi cha kuvuta pumzi, kwenye cheche tu. Pale mama alipokuwa amenyamaza aliuvuta chini zaidi, na chini yake akatandika kelele za mtaa alizozichukua sehemu nyingine ya sauti ile ile, pale foklifti ilipokuwa imesimama: nyayo, mikokoteni, mtu anaita kwa mbali. Maana ukishusha bila kutandika, msikilizaji anasikia shimo, na shimo, aliniambia, linasumbua kuliko kelele.

Alifanya hivyo kutwa. Hakula. Na hili ndilo kosa lake, kosa la mtu aliyezama kwenye kazi mpaka akajisahau: hedifoni zilikuwa shingoni. Alizivaa kusikiliza sauti ya mama, kisha akazishusha, na saa baada ya saa akafanya kazi kwa macho, shingo imenyooka kuelekea kwenye picha, hedifoni zimening'inia kifuani kama mkufu. Kasuku alipita mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka bila neno. Kasuku bila neno! Ningejua.

Jumatano saa nane mchana mkuu akabonyeza.

Mama mchukuzi alizungumza dakika nane ndani ya chumba kile na hakuna kiti kilicholia. Zilipomalizika nikaona katibu anafuta jicho. Mhasibu, yule aliyehamisha faili, akasema taratibu, "Haupo. Haupo kabisa." Mkuu akamwambia shemeji, "Hii ndiyo kazi safi kuliko zote nilizosikia tangu nije hapa."

Shemeji akafungua kifungo cha shingoni. Miaka kumi na saba sijawahi kumwona akikifungua.

Na pale pale Kasuku akainua mkono kama mwanafunzi. "Bosi, mimi nakubali, kazi safi. Ila nina swali dogo. Jana alikuwa anafanya hiyo kazi hedifoni ziko shingoni. Ameuona ule mlio. Hakuusikia. Hausikii mpaka leo. Muulize."

"Ni kweli?" mkuu akauliza.

"Nausikia," shemeji akasema.

Mkuu hakubishana. Alizima kioo cha kompyuta. Akasema, "Ninayo ile ya Jumatatu, na ninayo hii. Nitapiga sekunde kumi za moja, halafu sekunde kumi za nyingine. Utaniambia ipi ina mlio. Na nyinyi wengine, atakayekunja uso atanikuta mimi. Mtazame sakafu."

Watu wote wakatazama sakafu.

Sasa eleweni mtego ulivyokuwa. Kama angempigia ile sauti mbichi ya Kasuku, shemeji angesikia kivuli, yule mdudu wake, akajua. Lakini kwenye ile ya Jumatatu kivuli alikuwa amekikata mwenyewe. Kwake yeye sauti zile mbili zilikuwa mapacha. Ustadi wake wa kwanza na ustadi wake wa pili vilikuwa vimemzibia pande zote. Kilichobaki ni kofia yangu.

Mkuu akapiga ya kwanza. Mama akazungumza sekunde kumi. Shemeji akageuza kichwa polepole, kama anayefikiri, macho yakaja kwangu mlangoni.

Nikasikiliza. Nikamsikia mama. Nikasikia mikokoteni. Nikasikia mtu anaita kwa mbali.

Mkuu akapiga ya pili. Nikamsikia mama. Nikasikia mikokoteni.

Wapwa zangu, hakukuwa na tofauti.

Nikatazama nyuso, nyuso zote ziko sakafuni. Nikakumbuka Jumatatu: nilikunja uso kwa sababu katibu amekunja uso. Nikakumbuka chai: nilicheka kwa sababu mhasibu anacheka. Ule mlio uliochezwa nyuma ya kisogo cha shemeji mara tano, simu ikilia saa nzima chini ya meza, hata siku moja mimi sikuwa nimeusikia. Nilidhani unatoka taratibu, nilidhani nimekaa mbali, nilidhani ni upande wa spika. Sikudhani chochote, kusema kweli. Nilicheka tu.

Na shemeji ananitazama.

Ningeweza kuinua mabega. Ningeweza kutoka nje. Lakini mtu anayesikia mbu akivua viatu anainuaje mabega? Ya pili ilikuwa bado inalia. Nikavua kofia.

"Hiyo," shemeji akasema. "Ya pili ndiyo yenye mlio."

Hakuna aliyecheka. Hata Kasuku alichelewa. Halafu kikamtoka kimoja tu, kifupi, kama chafya.

Ya pili ilikuwa ile safi.

"Asante," mkuu akasema, akawasha kioo. "Hii itatoka kesho kama ilivyo, sitaigusa. Kuanzia kesho pia utakuwa mapokezi, getini, kwenye kitabu cha wageni."

"Mama, kazi umeisikia. Mwenyewe umesema."

"Nimeisikia. Wewe hukuisikia."

"Nitaangalia. Kila sauti nitaiangalia kwenye picha kabla haijatoka."

"Redio haiangaliwi," mkuu akasema, akakusanya karatasi zake.

Shemeji akasimama. Nilitegemea anigeukie, aseme: muulizeni huyu, huyu ndiye aliyenivulia kofia. Angesema, angenizamisha na mimi. Hakusema. Alichukua leso yake mezani, akaziacha hedifoni pale zilipo. Alipopita mlangoni hakunitazama, alitazama kofia mkononi mwangu.

Alhamisi saa nane mchana nilikuwa garini nje ya benki, namsubiri mkuu, redio imewashwa. Mama mchukuzi akazungumza dakika zake nane. Mwishoni mtangazaji akasema mahojiano haya yameletwa kwenu na fulani, akataja jina la Kasuku na ukoo wake wote. La shemeji halikutajwa, wala halikuwahi kutajwa; nimeshawaambia, kazi hiyo haina sifa. Wiki ile ile Kasuku alikaa kwenye kile kiti. Ana masikio mazuri, siwezi kumnyima. Lakini sauti zake zina mashimo.

Jumapili dada alitupikia. Akamuuliza mumewe mbele yangu na mbele ya watoto, "Sasa wewe, sauti mbili tu, moja ina kelele moja haina, ulikuwa unachagua nini? Mwanao wa miaka sita angejua."

"Nilibahatisha," shemeji akasema.

"Ulibahatisha! Miaka kumi na saba, halafu ulibahatisha. Kaka, msikie shemeji yako."

Nikamwambia dada mboga zake zimekolea. Nikaongeza chumvi.

Ni miezi mitatu sasa. Kila asubuhi nikifika napiga honi, honi anaisikia, anafungua geti, anaandika namba ya gari ambayo anaijua kuliko jina la mwanawe. Tunasalimiana. Juzi alishika mlango wa gari kabla sijaingia ndani, akainama dirishani. Nilifikiri siku yangu imefika.

"Umekwenda kupima?" akauliza.

"Nitakwenda wiki hii," nikamwambia.

Akaachia mlango, akarudi kwenye kitabu chake. Sijakwenda, wala siendi. Mtu akishakupa karatasi yenye shimo, utaiweka wapi? Na dereva haulizwi elfu nne. Anaulizwa kama gari lina mafuta.